Kwa nini chati inayosomeka ofisini haisomeki kwenye simu

Mtu wa fildi akiandika "chati haisomeki", majibu anayopata kutoka ofisini huwa ni yale yale. Avute kwa vidole, alaze simu, au asubiri atumiwe picha "yenye ubora zaidi". Picha mpya inakuja ikiwa na uzito mara tatu, inamla bando, na bado haisomeki. Kila upande unabaki na dhana yake. Ofisini wanaamini simu ya mwenzao ni mbovu, na aliye safarini anaamini chati haikutengenezwa kwa ajili yake. Aliye safarini ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, na sababu yake ni hesabu ndogo ya kugawanya ambayo yeyote anayetayarisha ripoti anaweza kuifanya kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno machache. Chati hapa ni mchoro wowote wa takwimu: pau, mstari au duara. Pikseli ni nukta ndogo kabisa inayounda picha kwenye kioo. Lebo ni maandishi yaliyomo ndani ya chati yenyewe, kama majina ya vituo, namba na vipimo vya pembeni. Ufunguo ni kile kisanduku kinachoeleza kwamba bluu ni Januari na njano ni Februari. Nikisema mtu wa fildi, namaanisha fundi, msimamizi au mkaguzi anayefungua ripoti akiwa ndani ya gari, kwenye foleni ya kivuko au amesimama juani, mara nyingi kwa mkono mmoja.

Sasa hesabu yenyewe. Chati nyingi za ofisini huzaliwa kwenye slaidi pana ya PowerPoint, ambayo upana wake wa kawaida ni sentimita 33.87, sawa na pointi 960. Mwandaaji akiweka lebo za pointi 12, zinaonekana vizuri kwenye kompyuta. Lakini 12 ni sehemu moja ya 80 ya 960. Uwiano huo haubadiliki picha inapokwenda kwenye simu, kwa sababu picha husinyaa yote kwa pamoja: pau, mistari na herufi. Simu iliyosimama ina upana wa kioo wa karibu milimita 68. Gawanya kwa 80, unapata herufi yenye kimo cha milimita 0.85, na hicho ni kimo kizima cha mstari wa fonti. Herufi ndogo kama "a" au "n" huchukua karibu nusu yake tu, yaani haifiki hata nusu milimita. Hakuna jicho linalosoma hiyo ndani ya gari linalotikisika.

Fikiria picha ya pamoja ya wanafunzi 60 wa darasa moja, kisha mtu aisafishe kwa ukubwa wa picha ya pasipoti. Nyuso zinageuka kuwa vidoa. Ukinunua kamera bora zaidi, vidoa vitakuwa safi zaidi, lakini vitabaki vidoa. Dawa ni kuwapunguza watu kwenye fremu ili kila uso upate nafasi.

Hapo ndipo dhana ya "ubora zaidi" inapoanguka. Simu nyingi za leo zina vioo vikali kweli, na upana wa pikseli 1080 ni jambo la kawaida. Lakini simu hazipangi maandishi kwa kuhesabu pikseli hizo moja moja, maana yangekuwa madogo mno. Huzikusanya kwa makundi, kwa mfano tatu kwa tatu, na kupanga kila kitu kana kwamba upana ni 360 tu. Simu nyingi zinaangukia kati ya 360 na 430 kwa kipimo hicho cha mpangilio, na ndicho nitakachotumia kuanzia hapa. Pikseli za ziada kazi yake ni kulainisha kingo za herufi. Slaidi yetu ukiitoa ikiwa na pikseli 1280 au 3840, lebo bado ni sehemu moja ya 80 ya upana, na kwenye simu ya 360 itapata kimo cha 4.5. Ujumbe wa kawaida kwenye simu huandikwa kwa kimo cha 14 hadi 16. Kwa hiyo tunamwomba msomaji asome maandishi yaliyo chini ya theluthi moja ya yale aliyozoea.

Na kuvuta kwa vidole? Ili 4.5 iwe 14 inabidi akuze mara tatu. Akikuza mara tatu anaona theluthi ya upana na theluthi ya kimo, yaani sehemu moja ya tisa ya chati. Pau anaziona, lakini majina ya vituo yamebaki chini nje ya kioo, vipimo vimebaki kushoto, na ufunguo uko kona nyingine. Anaanza kusafiri ndani ya picha huku akikariri rangi. Chati ni chombo cha kulinganisha vitu kwa kutupa jicho mara moja, na ukikikata vipande tisa hakilinganishi tena chochote.

Kulaza simu kunasaidia, lakini si kama watu wanavyodhani. Simu ya 360 kwa 800 ikilala, kimo chake kinakuwa 360. Slaidi ya uwiano wa 16 kwa 9 inabanwa na kimo hicho, kwa hiyo inapata upana wa 640 tu, na pembeni zinabaki kingo nyeusi. Lebo yetu inapanda kutoka 4.5 hadi 8. Ni nafuu, lakini bado haijafika. Ongeza kwamba wengi wamefunga simu zao zisijigeuze, na kwamba kulaza simu kunataka mikono miwili. Mimi naichukulia kama njia ya dharura ya msomaji. Mwandaaji asiitegemee.

Anzia kwenye herufi, chati itafuata

Ukitaka lebo iwe na kimo cha 14 kwenye simu ya 360, uwiano unaohitajika ni 14 kwa 360, yaani karibu sehemu moja ya 26. Hiyo ndiyo namba pekee ya kukariri katika makala hii. Chukua upana wa turubai yako, yaani eneo zima unalochorea, ugawanye kwa 26, na jibu ndilo ukubwa wa fonti ulio mdogo kabisa unaoruhusiwa kutumia.

Kwenye PowerPoint inafanyika hivi. Ingia `Design`, kisha `Slide Size`, chagua `Custom Slide Size` na uweke upana wa sentimita 28.6 na kimo cha sentimita 35.7. Ukitoa slaidi hiyo kama picha ya PNG kwa mipangilio ya kawaida ya kompyuta ya Windows, unapata picha ya karibu pikseli 1080 kwa 1350, inayotosha kwa kioo cha simu bila kuwa nzito. Upana huo ni sawa na pointi 810 hivi. Gawanya kwa 26, unapata 31. Basi lebo zote ziwe pointi 32, na kichwa cha chati pointi 40.

Ukiandika 32 kwenye kisanduku cha fonti, chati itaonekana ya kitoto kwenye kompyuta, na majina yatagongana. Wengi hapo hurudisha fonti kwenye 12 kwa sababu "inaharibu mpangilio". Vumilia. Kinachogongana sasa hivi mbele yako kingegongana mbele ya msomaji kesho, ila wewe usingekiona. Fonti kubwa inakuonyesha mapema ni vitu vingapi chati inaweza kubeba.

Nafasi hiyo inahesabika. Herufi yenye kimo cha 14 huchukua upana wa karibu 7, kwa hiyo mstari mmoja kwenye simu unabeba herufi 50 hivi, nafasi tupu zikiwemo. Picha yenye kimo cha 450 inabeba mistari kama 17 ukiacha pumzi kati yake. Herufi 50 kwa mistari 17 ndiyo ardhi yote uliyo nayo. Yote unayotaka kusema lazima yakae humo.

Mfano mmoja hatua kwa hatua

Tuchukue ripoti ya kila mwezi ya pampu za maji katika vituo 12. Wanaoisoma ni mafundi wanaozunguka na vipuri. Chati ya awali ni ya pau zinazosimama: kila kituo kina pau nne, moja kwa kila mwezi, zinazoonyesha asilimia ya pampu zinazofanya kazi. Jumla ni pau 48. Majina ya vituo yameinamishwa chini, ufunguo wa miezi uko kulia, na kichwa kinasema "Hali ya Utendaji wa Pampu kwa Vituo, Robo ya Kwanza na Mwezi wa Nne".

Tukiweka lebo za kimo cha 14, kinachoanguka kwanza ni majina. Upana wa 360 ukigawanywa kwa vituo 12 unaacha 30 kwa kila kituo, yaani herufi nne. "Mlimani Juu" lina herufi kumi na nafasi moja. Ndiyo maana programu huyainamisha majina, na ikizidiwa huyaruka: inaandika moja, inaacha moja, na pau za kituo kilichorukwa zinabaki bila mwenyewe. Ukiona chati ya vituo 12 ina majina sita, hakuna aliyeyafuta. Programu imeamua kimya kimya kwamba nafasi haitoshi.

Dawa ya hilo ni kuzilaza pau. Upau unaolala unahitaji kimo tu kwa ajili ya jina lake, na kimo ndicho kitu ambacho simu iliyosimama inacho kwa wingi. Jina linakaa kushoto, limenyooka, likichukua upana wa 100 hivi. Upau unapata 155. Namba inakaa mwishoni mwa upau na kuchukua 95. Jumla ni 350, na tumeenea.

Lakini pau 48 hazienei hata zikilala. Lazima miezi mitatu iondoke, na hapa ndipo ubishi wa kweli huanza ofisini, kwa sababu kila takwimu ina mtu anayeitetea. Njia ya kuumaliza ni kuuliza msomaji ataamua nini akifunga picha. Fundi mwenye vipuri anaamua aelekee wapi. Mwenendo wa miezi minne haumsaidii kuamua hilo leo. Unamsaidia meneja anayepanga bajeti, na meneja huyo ana kompyuta.

Ukishauliza hivyo, hata asilimia inaanza kutiliwa shaka. Tuseme vituo vinne vya chini mwezi huu viko hivi: Bondeni asilimia 40, Mlimani Juu 58, Mtoni 67 na Stesheni 80. Kwa mpangilio huo fundi angekimbilia Bondeni. Lakini Bondeni ina pampu tano tu, na zilizoharibika ni tatu. Mlimani Juu ina pampu 24, na zilizoharibika ni 10. Mtoni ni nne kati ya 12, Stesheni tatu kati ya 15. Asilimia ilikuwa imeficha kituo chenye kazi nyingi kuliko vyote. Kwenye slaidi pana mtu angeweka asilimia na idadi pamoja, na mhimili wa pili upande wa kulia, halafu asiye na muda asione chochote. Kwenye simu huna nafasi hiyo, kwa hiyo unalazimika kuchagua. Kwa fundi, chaguo sahihi ni idadi ya pampu mbovu.

Chati mpya basi ina upau mmoja kwa kila kituo, umepangwa kutoka kwenye pampu mbovu nyingi hadi chache: Mlimani Juu juu kabisa, kisha Mtoni, Bondeni, Stesheni, na vingine sita vyenye moja au mbili. Vituo viwili visivyo na pampu mbovu havihitaji pau tupu. Vinatajwa kwa majina kwenye mstari mmoja chini. Mwishoni mwa kila upau imeandikwa "10 kati ya 24", "4 kati ya 12" na kadhalika, hivyo ukubwa wa kituo haujapotea. Kwa kuwa kila upau una namba yake, vipimo vya mhimili na mistari ya gridi vinaondoka vyote. Ufunguo nao unaondoka, maana hakuna rangi ya kufafanua. Upau wa Mlimani Juu una rangi nzito, mingine ni ya kijivu. Kichwa kinasema jambo lililogunduliwa: "Mlimani Juu ina pampu mbovu 10, kwingine hazizidi 4". Aliyesoma kichwa tu ameshajua pa kwenda.

Ukitumia Excel, kuna kitu kitakukwaza. Ukilaza pau, Excel huanza kuzipanga kutoka chini, kwa hiyo safu ya kwanza ya jedwali lako inatokea mwisho wa chati. Bonyeza mhimili wa majina kwa kitufe cha kulia, ingia `Format Axis`, na uweke alama kwenye `Categories in reverse order`. Pau zianze sifuri daima. Watu hukata mhimili ili tofauti ionekane, lakini upau husomwa kwa urefu wake, na ukianzia 2, upau wa 4 utaonekana kuwa mara mbili ya upau wa 3.

Vituo vikiwa 40? Usivibane. Onyesha kumi vya juu, andika chini kwamba vituo 30 vilivyobaki vina pampu mbovu mbili au pungufu, kama ndivyo ilivyo, na jedwali zima lipelekwe kama faili ya pembeni kwa anayelihitaji.

Chati ya mstari ina mtego wake

Nimesema kimo ni rasilimali ya simu, lakini kwa grafu ya mstari ukikitumia chote utamdanganya msomaji bila kukusudia. Mstari husomwa kwa mteremko wake. Chukua takwimu za miezi sita, uzichore kwenye kisanduku cha upana 640 na kimo 300, kisha uzichore tena kwenye kisanduku cha 360 kwa 450. Namba ni zile zile, ila mteremko wa pili utakuwa mkali zaidi ya mara mbili. Kupanda taratibu kunaonekana kama mlipuko, na kushuka kidogo kunaonekana kama janga. Fundi aliyezoea chati pana akiifungua ile ndefu anapiga simu kuuliza kumetokea nini.

Kwa hiyo grafu ya mstari kwenye simu iwe fupi, kimo chake kisizidi upana, na nafasi inayobaki ipewe kichwa na maelezo. Andika thamani ya mwanzo na ya mwisho kwenye ncha za mstari, ili jicho likidanganywa na mteremko, namba ziliweke sawa. Mistari isizidi mitatu au minne, na jina la kila mmoja liandikwe kwenye ncha yake ya kulia. Ikiwa mingi ni lazima, mmoja uwe wa rangi nzito na mingine yote iwe ya kijivu nyuma yake.

Chati ya duara ni bora kuiacha. Watafiti Cleveland na McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba watu hukadiria kwa usahihi zaidi wanapolinganisha nafasi kwenye kipimo kimoja kuliko wanapolinganisha pembe. Kwenye simu tatizo linaongezeka, kwa sababu lebo za vipande vyembamba hukosa mahali pa kukaa na kuishia kuvutwa nje kwa vijistari vinavyopishana.

Jua, giza na njia ya kutuma

Chati inayosomeka chumbani inaweza kupotea nje. Mwanga wa jua ukipiga kioo unafuta kwanza tofauti ndogo za rangi, kwa hiyo kijivu hafifu cha lebo na njano ya pau ndivyo vinavyotangulia kwenda. Miongozo ya WCAG, inayotumika kimataifa ili kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa angalau 4.5 kwa 1, na maumbo kama pau angalau 3 kwa 1. Kijivu chenye namba `#767676` juu ya nyeupe ndicho kiko kwenye mpaka wa 4.5, kwa hiyo usitumie kilicho chepesi kuliko hicho kwa maandishi. Hicho ni kiwango cha chini cha kusoma katika mazingira ya kawaida. Kwa mtu wa fildi ninapendelea nyeusi kabisa. Usitegemee nyekundu na kijani pekee kubeba maana, maana kuna watu wasiozitofautisha, na juani hata wengine hushindwa.

Kuna kosa jingine ambalo ofisini halionekani kamwe. Chati ukiinakili kutoka programu nyingine, wakati mwingine inatoka kama PNG isiyo na usuli, yaani nyuma ya herufi hakuna rangi nyeupe bali uwazi. Kwenye ukurasa mweupe wa kompyuta hutagundua. Mwenye simu iliyowekwa hali ya giza akiifungua, herufi nyeusi zinalala juu ya usuli mweusi na kilichobaki ni pau zinazoelea bila majina. Ukiambiwa "naona rangi tu, maandishi hakuna", tafuta hapo kwanza. Tiba yake ni kujaza usuli mweupe kwenye eneo la chati kabla ya kuitoa.

Picha nyingi hupelekwa kwa WhatsApp, na WhatsApp huzibana picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida. Ubanaji wa aina hiyo unavumilika kwenye nyuso na mandhari, lakini huacha ukungu kwenye kingo kali za herufi. Ukituma kama dokumenti, faili inafika ilivyo, ila msomaji analazimika kuifungua kando badala ya kuiona kwenye mazungumzo. Ushauri wangu ni kutuma kama picha ya kawaida. Herufi zilizofuata uwiano wa 26 zinastahimili ubanaji, na zinazokufa kwa kubanwa zilikuwa ndogo mno tangu mwanzo. Chini ya picha andika sentensi moja yenye jibu lenyewe, kwa ajili ya yule ambaye mtandao wake unapitisha maneno lakini picha inabaki inazunguka.

Na tarehe iwe ndani ya picha. Picha inayotumwa mbele kwa kikundi kingine inaweza kufika bila ujumbe uliokuwa nayo, na wiki tatu baadaye mtu anaibuka nayo akidai Mlimani Juu kuna pampu kumi mbovu, wakati zilishatengenezwa. Mstari mfupi wa chini, "Takwimu hadi 30 Aprili", unazuia safari ya bure.

"Lakini sisi tuna dashibodi inayojirekebisha"

Hili nalo linahitaji ufafanuzi. Dashibodi ya wavuti inayojirekebisha, yaani ukurasa wa chati unaojipanga kulingana na upana wa kioo, hufanya jambo moja zuri: huchora upya badala ya kusinyaza, kwa hiyo herufi hubaki na ukubwa wake. Inachopanga upya ni masanduku, ikiyashusha moja chini ya jingine. Haiamui ni pau zipi ziondoke. Ukiingiza pau 48 utapata pau 48 nyembamba kama nyuzi, zenye majina yaliyorukwa. Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza dashibodi, kwa mfano, ina sehemu ya `Mobile layout` ambako mwandaaji huchagua mwenyewe vipande vya kuonekana kwenye simu, na asipoingia huko hakuna mtu atakayemfanyia kazi hiyo.

Tatizo la pili ni namba zinazojitokeza unapopitisha kishale cha kipanya juu ya upau. Kidole hakipitishwi juu ya kitu kama kishale. Kinagusa, na kikigusa kinafunika. Miongozo ya Apple inapendekeza sehemu ya kuguswa isipungue 44 kwa 44, na ya Android 48 kwa 48. Upau wetu una kimo cha 20 hivi. Kwa hiyo thamani iliyofichwa nyuma ya upau wa namna hiyo huwa haisomwi njiani, na msomaji anaweza asijue kabisa kwamba ipo. Iandike wazi kwenye chati.

Kabla ya kutuma, jitumie mwenyewe picha hiyo. Ifungue kwenye simu uliyopunguza mwanga, kama wanavyofanya wanaotunza chaji, utoke nje, unyooshe mkono na usivute kwa vidole. Kisha mpe mwenzako ambaye hakuitayarisha, umuulize mambo matatu: kituo gani kina kazi nyingi zaidi, ni pampu ngapi, na takwimu ni za lini. Akikosea swali la kwanza, tatizo liko kwenye mpangilio wa pau au kichwa. Akisogeza simu karibu na uso kwenye la pili, rudi kwenye fonti. Akiuliza "hizi ni za mwezi huu?", tarehe haipo au haionekani.

Kuna vitu ambavyo jaribio hili halitavipitisha hata uvitengeneze vipi: ramani yenye vituo mia, jedwali la safu 15, au chati inayolinganisha mambo matatu kwa pamoja. Hivyo vibaki kwenye ripoti ya kompyuta, na aliye njiani apelekewe kipande kimoja tu kinachohusu kituo anachoelekea.